Wanaanga na machela: mazoezi yanalinda nini, hayalindi nini

"Wakuu, nimeona video ya wale wanaanga wawili wa NASA waliokaa huko juu miezi tisa, wanatolewa kwenye chombo na kulazwa kwenye machela. Si tunaambiwa wanapiga mazoezi kila siku? Halafu kama huko hakuna kitu chenye uzito, wananyanyua nini? Mwenye ujuzi atufungue macho."

Mkuu, mimi ni mfiziotherapia. Wagonjwa wangu wengi ni wa ajali za bodaboda, waliovunjika paja na kulala wiki kadhaa mguu ukivutwa na vizito. Mambo ya anga nimeanza kuyafuatilia kwa sababu wale jamaa na wagonjwa wangu wanasumbuliwa na kitu kilekile, mwili kukaa muda mrefu bila kubeba uzito wake.

Tuanze na machela. Butch Wilmore na Suni Williams walirudi Machi 2025 baada ya siku 286, na machela ni utaratibu wa kawaida kwa kila anayetoka safari ndefu. Kinachoogopwa saa ile ni presha kushuka na kizunguzungu. Miguu yenyewe wala haina shida kubwa kihivyo.

Hapa duniani ukisimama, damu inavutwa kwenda chini, na mishipa ya miguu inajikaza kuirudisha juu. Huko angani mvuto hausikiki mwilini, kwa hiyo karibu lita 2 za maji ya mwili huhama kutoka miguuni kuja kifuani na kichwani. Uso unavimba, pua inaziba kama una mafua, miguu inakonda. Mwili unaona maji yamezidi huku juu, unapunguza, na ndani ya siku chache sehemu ya majimaji ya damu inakuwa imepungua kama asilimia 10 hadi 15. Kule juu haina neno. Siku ya kurudi ndiyo balaa: damu ni pungufu, mishipa imesahau kujikaza, na sikio la ndani linalotunza mizani limezoea maisha mengine kabisa. Ndiyo maana kabla ya kutua wanakunywa maji na chumvi na kuvaa suruali maalumu za kubana miguu.

Wodini naliona hili kila wiki. Mgonjwa aliyelala muda mrefu simwinui moja kwa moja. Nainua kwanza kichwa cha kitanda, tunasubiri, kisha anakaa miguu ikining'inia, napima presha. Macho yangu yako kwenye mdomo wake wa juu: vijasho vikitokea hapo na sauti ikianza kuburuza, namrudisha chini kabla hajaanguka. Wengine wana vifua na mikono ya kubeba magunia, na bado wanazimia.

Shida hiyo kwa wanaanga wengi inatulia ndani ya siku chache. Ambacho video haiwezi kukuonyesha ni mfupa.

Mfupa hauko kama zege lililokwisha kukauka. Kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, usiku na mchana, na seli zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe husikia jinsi unavyopindika kidogo kila unapokanyaga. Mpindo huo ukikosekana, wabomoaji wanaendelea na kazi kwa kasi, wajenzi hawafikii. Wanaanga wa Mir, kituo cha anga cha zamani cha Warusi, na wale wa mwanzo wa kituo cha anga cha kimataifa, ISS, walipoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi mmoja. Mama aliyekoma hedhi hupoteza kiasi kinachokaribia hicho kwa mwaka mzima. Piga hesabu ya miezi sita: asilimia 6 hadi 9, pale kwenye shingo ya paja ambapo wazee huvunjika. Mikono haiguswi sana, maana hata duniani haibebi mwili. Na kalsiamu inayotoka kwenye mfupa hupitia kwenye mkojo, hivyo hatari ya mawe ya figo inapanda. Maumivu hakuna. Bila kipimo cha wiani wa mfupa kabla ya safari na baada yake, mtu hajui kama amepoteza chochote.

Sasa swali lako la wananyanyua nini. Ni kweli, chuma cha kilo 100 huko hakina uzito. Tangu mwishoni mwa 2008 ISS wana mashine iitwayo ARED. Ina silinda mbili zilizotolewa hewa. Ukisukuma fito unavuta pistoni, na shinikizo la hewa ya ndani ya kituo linakupinga mwendo mzima bila kubadilika, tofauti na mipira ya kuvuta ambayo huwa laini mwanzoni na kukaza mwishoni. Inafika hadi kama kilo 272. Mashine iliyotangulia iliishia nusu ya hapo, na ndipo mifupa ilipokuwa ikiponyoka.

Kuna jambo watu wa jimu hawalifikirii. Mtu wa kilo 80 akichuchumaa hapa Dar na chuma cha kilo 60 mabegani, miguu yake inabeba kilo 60 pamoja na sehemu kubwa ya mwili wake. Huko juu mwili haumo kwenye hesabu. Ili nyonga ione mzigo uleule, inabidi aweke zaidi ya kilo 110 kwenye mashine. Akiweka 60 kwa mazoea, atatoka jasho vizuri na mfupa hautasikia kitu. Mbio nazo wanazo, wakifungwa mikanda inayowavuta chini kwenye mashine ya kukimbilia, lakini mikanda inachubua mabega na nyonga, kwa hiyo wengi hukimbia kwa chini ya uzito wao kamili. Ratiba yote, pamoja na kufunga na kufungua vifaa, ni kama saa mbili na nusu kwa siku.

Imesaidia? Sana. Waliotumia ARED, wakala vya kutosha na kupata vitamini D, walirudi na wiani wa mfupa ukiwa karibu na waliouacha. Wengine waliongezewa alendroneti ya miligramu 70 kwa wiki, dawa ileile wanayopewa wazee wenye mifupa dhaifu, na upotevu ulipungua zaidi. Lakini ubomoaji haujakoma. Mazoezi yanaongeza tu ujenzi upande wa pili. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wanaanga 17: mwaka mmoja baada ya kurudi, wengi wao mfupa wa goko ulikuwa haujarudi kama zamani, hasa waliokaa zaidi ya miezi sita. Vijiti vyembamba vya ndani ya mfupa vikishakatika, kujaza kalsiamu hakuviungi upya. Vilivyobaki ndivyo vinavyonenepa.

Na yale maji yaliyohamia kichwani mazoezi hayayashushi. Wapo wanaovimba neva ya jicho wakaanza kuhitaji miwani ya kusomea. Kuna mwanaanga mmoja, jina halikutolewa, ambaye kama miezi miwili baada ya kuruka alikuwa anajipiga ultrasaundi ya shingo kwa ajili ya utafiti, akakutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Hakuwa na dalili yoyote. Madaktari wa duniani wakamwelekeza ajichome sindano za kuzuia damu kuganda zilizokuwemo kituoni, kwa kipimo cha kubania kwa sababu zilikuwa chache, mpaka chombo cha mizigo kikaleta vidonge. Akaviacha siku nne kabla ya kutua, maana kutua kuna hatari ya kuumia na kuvuja damu. Baada ya kutua bonge lilionekana limebandika ukutani mwa mshipa, na siku ya kumi halikuwepo tena.