Paneli ya Wati 50 Haikutosha: Hesabu ya Sola kwa Fundi Anayeanza

Kazi yangu ya kwanza ya sola niliipigia hesabu nikiwa nimesimama mlangoni kwa mteja. Matumizi yake yalikuwa wati-saa 480 kwa siku. Mchana una saa 12, nikagawa, nikapata wati 40, nikafunga paneli ya wati 50 na kujiona nimemfanyia hisani. Siku mbili kila kitu kiliwaka, maana betri ilitoka dukani ikiwa imejaa. Siku ya tatu televisheni ikazima katikati ya taarifa ya habari, na simu yangu ikaanza kuita.

Ile 480 ilikuwa sahihi. Unazidisha wati za kila kifaa kwa saa kinazotumika, kisha unajumlisha. Taa 5 za wati 7 zikiwaka saa 5 ni 175. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Simu 3, kila moja ikila kama 15, ni 45. Usimwulize mteja "unatumia umeme kiasi gani?", atakupunguzia. Muulize taa ya sebuleni inazimwa saa ngapi, na nani hulala wa mwisho.

Kosa langu lilikuwa kwenye jua. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na mwanga huo huupati saa moja asubuhi wala saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mafundi hukusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kama saa za jua kali. Mahali pengi penye jua zuri hupata 4 hadi 6. Chukua namba ya mwezi mbaya kuliko yote, si wastani wa mwaka. Hapa tutumie 4.

Halafu kuna kinachopotea njiani: joto hupunguza nguvu ya paneli, vumbi nalo, na betri ya asidi hairudishi yote uliyoiingizia. Mimi huhesabu kwamba kati ya 100 zinazotoka kwenye paneli, 60 ndizo zinafika kwenye kifaa. Basi 480 gawa kwa 0.6 ni 800, na 800 gawa kwa 4 ni 200. Paneli ya wati 200. Ile yangu ya 50 ilikuwa inaleta 50 × 4 × 0.6, yaani 120 tu kwa siku. Robo ya mahitaji!

Betri ni rahisi zaidi. 480 gawa kwa volti 12 ni ampea-saa 40. Betri ya asidi ukizoea kuishusha chini ya nusu unaifupishia maisha, hivyo zidisha mara mbili, upate 80. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi ili televisheni iutumie, nayo hula chake na betri huzeeka, kwa hiyo funga ya 100. Hiyo ni akiba ya siku moja. Mawingu yakikaa siku mbili televisheni ipumzike, na mteja ajue hivyo kabla hajalipa.

Sasa kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hukisahau: inveta ikiwa imewashwa bila kazi yoyote bado inakula. Nyingi za ukubwa wa nyumbani hula kama wati 10. Ikiachwa usiku na mchana ni 10 × 24, yaani 240, nusu ya matumizi ya nyumba nzima. Matumizi yanafika 720, na paneli inayohitajika inaruka hadi wati 300. Kwa hiyo taa, redio na simu naziunganisha moja kwa moja kwenye volti 12 kupitia kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, inveta ikabaki ya televisheni peke yake, na swichi yake naiweka karibu na televisheni, si kule nyuma ya kabati.

Wiki moja baada ya kufunga, rudi na mita. Pima betri alfajiri kabla paneli haijaanza kuchaji, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya asidi ikisoma karibu 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu. Alfajiri, baada ya usiku wa kawaida, 12.2 hivi ni salama. Ikisoma 11.9, pima tena jioni baada ya siku ya jua: zima vifaa, funika paneli, isubiri itulie. Ikiwa haipandi hadi 12.6, paneli ni ndogo, ina kivuli, au inveta haizimwi. Ikipanda vizuri jioni na bado alfajiri iko chini, kuna mtu anatazama televisheni zaidi ya saa 4.