Maswali yenu: ndugu kazidisha dawa za usingizi, anakoroma na haamki

Wiki hii maswali mengi yamekuja ya aina moja nikaona niyaweke pamoja. Mimi ni nesi wa emajensi na hizi kesi tunazipokea sana, dawa zenyewe ni zile zile za majumbani, valiamu (ile diazepamu), fenobabitoni za kifafa, vidonge vya mzio vinavyolaza, mara nyingi vimechanganywa na pombe.

Mama yangu ana miaka 63 anatumia vidonge vya usingizi. Jana mpaka saa nne asubuhi kalala anakoroma tu, nikaogopa. Ntajuaje kama ni usingizi wa kawaida au dawa zimezidi?

Mtu aliyelala anaamshika, hiyo ndo tofauti kubwa. Mwite jina kwa sauti karibu na sikio huku unampiga piga mabega, kama kimya basi finya kwa nguvu ule msuli ulioko kati ya shingo na bega. Aliyelala kawaida atakurupuka, atakusukuma, atauliza we vipi, na ukimuuliza leo siku gani atajibu kitu cha maana. Aliyezidisha dawa atafungua macho kidogo akuangalie kama hakuoni, atasema maneno yanayoburuzika usielewe, halafu ukiacha tu kumgusa anazama tena, na akifika pabaya zaidi hata ukifinya haitiki kabisa.

Baada ya hapo angalia pumzi, na hapa naomba usikadirie, shika simu uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika 1 nzima. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 mpaka 20. Ikishuka chini ya 10 hiyo ni hatari, na hata kama ni 12 lakini pumzi ni fupi fupi kifua hakiinuki vizuri bado ni hatari. Dawa hizi zinaua kwa njia hiyo, ubongo unapunguza kasi ya kupumua mpaka hewa haitoshi, na ulimi na misuli ya koo inalegea inaziba njia.

Ndo maana ule mkoromo watu wanaouona ni dalili nzuri ("si anakoroma, kalala huyo") ndo unaonitisha mimi. Mtu ambaye hakoromagi leo anakoroma kwa nguvu, au mkoromo una majimaji ndani yake kama anagugumia, au unakatika kimya sekunde kadhaa halafu unaanza tena kwa kuvuta, huyo njia yake ya hewa inaziba. Kwetu sisi weusi usitafute rangi ya bluu usoni hutaiona, vuta mdomo wa chini uangalie ndani, angalia ulimi, fizi na kucha, zikiwa za kijivu au zambarau oksijeni imeshashuka.

Kingine, kama mama ana kisukari na mna kile kipimo cha nyumbani mpime haraka, sukari ikishuka inamfanya mtu awe hivi hivi. Hata malaria kali, kiharusi au kugonga kichwa. Ila usikae unachambua ni kipi, mtu asiyeamshika anaenda hospitali tu.

Mdogo wangu miaka 24 alikunywa vidonge vya kifafa vya dada yetu. Saa mbili usiku alikuwa anatembea anayumba tukadhani kalewa, saa tano tukamkuta chini hajitambui. Sahivi yuko wodini anapumulia mashine. Tulitakiwa tufanye nini?

Pole sana, wewe na dada yako. Kwa jinsi ulivyoeleza hizo zitakuwa fenobabitoni, na hizo hazifanyi kazi papo hapo, zinaendelea kuingia kwenye damu kwa masaa, kwa hiyo anayeyumba na kuongea kilevi saa mbili dawa inaweza kuwa bado haijafika kiwango chake cha juu mwilini. Kuyumba, ulimi mzito, macho yanayocheza cheza pembeni, kusinzia katikati ya sentensi, na harufu ya pombe hakuna, hapo ndo pa kuondoka naye kwenda hospitali wakati bado anatembea. Na wala msikate tamaa na hiyo mashine, fenobabitoni inatoka mwilini taratibu sana, kulala siku kadhaa kwa dozi kubwa ni kitu tunachokiona na watu wanaamka.

Sasa ile saa tano, nikirudisha nyuma ningewaambia hivi. Mmoja amwite na kumfinya kama nilivyosema juu. Hajaitika, mgeuze alale chali, weka kiganja kwenye paji la uso na vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kirudi nyuma kidevu kiinuke, ulimi unatoka kwenye koo na mara nyingi mkoromo unapungua hapo hapo unausikia. Weka sikio karibu na mdomo wake ukiangalia kifua, sekunde 10 zisizidi. Wa pili muda huo anapiga simu na kutafuta gari, wa tatu anakusanya paketi.

Anapumua, mlaze ubavu. Piga magoti pembeni yake, mkono wake wa upande wako uutoe nje ya mwili ukunje kiwiko, mkono wa upande wa pili uvushe kifuani mgongo wa kiganja ukae kwenye shavu la upande wako na uushikilie hapo, kwa mkono wako mwingine kunja goti lake la mbali mpaka unyayo usimame chini, halafu vuta hilo goti kuja kwako. Mwili wote unageuka hata kama ni mzito kuliko wewe. Goti la juu libaki limekunjwa mbele asibiringike, kichwa rudisha nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili akitapika yatoke nje yasiingie mapafuni. Kisha usiondoke, kila dakika angalia kifua, maana pumzi iliyokuwepo sasa hivi inaweza kukata.

Hapumui, au anavuta pumzi moja moja kama samaki aliyetolewa majini, hiyo sio pumzi msidanganyike. Mlaze chali kwenye sakafu ngumu, mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza ishuke sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kila 30 mpe pumzi 2 za mdomo huku umemziba pua. Kwa mtu wa dawa hizo pumzi zina maana kubwa kwasababu kilichoanza kuisha ni hewa. Ila ukisikia harufu ya dawa ya kuulia wadudu mdomoni usiweke mdomo wako, kandamiza kifua tu bila kuacha mpaka msaada ufike.

Bibi anasema tumpe maziwa au maji ya chumvi atapike, mjomba anasema maji ya baridi na kahawa. Yupi sahihi?

Kwa hili mheshimuni bibi na mjomba ila msifanye. Aliyelegea hawezi kulinda koo lake, ukimtapisha matapishi yanaingia mapafuni na anaweza kufa na hilo wakati dawa yenyewe angepona. Maziwa hayazimui chochote hapa. Maji ya baridi yanamshusha joto mtu ambaye tayari joto limeshuka, na kumkokota atembee ataanguka agonge kichwa. Msiweke kitu chochote mdomoni, hata kijiko cha kushikilia ulimi.

Huku kwetu ndani ndani Kilifi ambulensi ni ndoto, usafiri ni boda. Tumpakie vipi?

Boda kwa mtu aliyelegea hapana kwa kweli. Mnamweka katikati, dereva mbele na mtu nyuma kamshika, kichwa kinaangukia kifuani kidevu kinabana koo, mkifika mnakuta alishaacha kupumua njiani na hakuna aliyejua kwasababu mlikuwa mnamshika mgongo tu. Boda itumeni ikalete gari au tuktuk, hata pikapu ya jirani.

Ndani ya gari alale ubavu siti ya nyuma, mtu mmoja akae upande wa kichwa na kazi yake iwe moja tu, kidevu kiinuke na kuhesabu pumzi. Tuktuk ni ndogo, mlaze kichwa na mabega kwenye mapaja yako akiwa ubavu, uso uelekee nje. Simu bado mpige, Kenya ni 999 au 112, Tanzania 112, na kama mna namba ya zahanati iliyo karibu wapigieni waandae oksijeni na ule mfuko wa kumpumulisha. Kituo kidogo chenye mfuko huo kilichoko dakika 10 kinafaa kuliko hospitali kubwa ya saa nzima, wamshikilie hapo kwanza ndo rufaa ifuate.

Nasikia kuna dawa ya kuamsha inaitwa naloksoni, niinunue niweke ndani?

Hiyo ni ya heroini, kodeini, tramadoli, mofini na ndugu zake. Mboni za macho zikiwa zimesinyaa kama ncha ya sindano na pumzi iko chini fikiria kundi hilo, na naloksoni kama ipo mpeni, hata mkikosea haitamdhuru. Lakini valiamu na fenobabitoni haizigusi, kwa hiyo akipewa asiamke msikae kusubiri. Valiamu ina dawa yake ya kuizimua ila ni ya hospitali na hata sisi tunaiogopa, mtu mwenye kifafa au aliyezoea valiamu miaka inaweza kumpa degedege.

Dada kazinduka, anaongea, anasema alitaka tu kulala na hataki hospitali. Tumwache apumzike?

Hapana mwanangu, mpelekeni. Valiamu inapanda na kushuka, anaamka anaongea baada ya saa moja kazama tena na safari hii mmeshalala wote. Pia hamjui kameza nini kingine, na hapa nawaza panado hasa, maana mtu aliyemeza panado nyingi siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima kabisa na ini linaharibika kimya kimya mpaka siku ya 2 au ya 3 ndo maumivu na macho ya njano yanaanza. Panado ina dawa ya kuizimua na inafanya kazi vizuri ikiwahi ndani ya masaa 8 hivi, ndo maana tunataka damu yake ipimwe hata kama anacheka.

Asikae peke yake, hata chooni mtu asimame mlangoni, na dawa zote za nyumba zitoke chumbani kwake. Mkae naye mmuulize wazi bila ukali, ulikuwa unataka kufa? Kumuuliza hakumpi wazo hilo, na maswali ya aibu ya ukoo na majirani yasubiri. Mkifika mapokezi semeni ukweli, sisi tunatafuta mambo manne tu, ni dawa gani (leteni paketi hata tupu), vinakosekana vingapi, mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi, na kama kulikuwa na pombe. Ukisema "alikula chakula kibaya" kuficha, tunaanza kutibu tumbo na muda unaenda.