Namba ya bosi wako wa sasa itoe baada ya ofa

"Wanataka jina na simu ya bosi wangu wa sasa, na kazini hawajui natafuta kazi. Nawajibuje bila kuonekana naficha kitu?"

Waambie ukweli, kisha wape mtu mwingine wa kumpigia leo. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi na jibu la namna hii halijawahi kumkosesha mtu usaili kwetu:

"Asanteni. Mwajiri wangu hana taarifa kuwa naomba kazi kwingine, hivyo naomba msiwasiliane naye kwa sasa. Nitawapa jina na simu yake nikishapokea ofa ya maandishi. Kwa sasa mnaweza kuzungumza na msimamizi wangu wa zamani, ambaye yuko tayari kupigiwa."

Kuna kaka anasema uache nafasi ya namba ya bosi wazi kwenye fomu; kapatia nusu. Namba usiandike, ila andika "itatolewa baada ya ofa". Nafasi ikiwa tupu, anayehakiki anatafuta simu ya mapokezi ya kampuni yako na kupiga mwenyewe. Nimeliona hilo, na dada wa watu aliitwa ofisini siku hiyohiyo.

Ofa ikija usiache kazi papo hapo. Subiri wampigie bosi na wakuthibitishie, kwani ofa nyingi huwa na sharti la uhakiki.

Dada mwalimu wa serikali uliyeuliza kama ufanye hivi unapoomba nafasi nyingine serikalini: kwako hili halisaidii. Mtumishi wa umma Tanzania anayeomba nafasi kama hiyo hutakiwa kupitisha barua yake ya maombi kwa mwajiri wake.