Meseji za kukumbusha tarehe ya kliniki: zinavyotumwa, na jinsi ya kuzisimamisha

Ukiijibu moja kwa moja meseji yetu ya kukumbusha tarehe ya kliniki, jibu lako halifiki kokote. Wagonjwa wengi wameandika "acha", "sitaki", hata "naumwa siwezi kuja", na hakuna mtu wa mapokezi aliyeyaona maneno hayo. Sababu ni kwamba meseji ile inatoka kwenye jina, haitoki kwenye namba. Angalia juu ya meseji: pale ambapo kwa kawaida unaona tarakimu za aliyekutumia, utaona herufi tu. Jina la namna hiyo linatuma lakini halipokei. Simu nyingine zitakuambia kuwa jibu limeshindikana, nyingine hazikupi hata sehemu ya kuandikia.

Ndiyo maana maneno yenyewe yameandikwa hivi:

"Kumbuka: tarehe yako ya kurudi kliniki ni Jumatano 21/10, saa 3 asubuhi. Njoo na kadi. Kuacha meseji, tuma neno ACHA kwenda namba iliyo nyuma ya kadi."

Ni herufi 150 ukihesabu na nafasi. Meseji moja ya kawaida inabeba 160, na ikizidi hapo inakatwa vipande viwili, gharama kwetu inakuwa mara mbili. Ufupi huo una sababu nyingine iliyo muhimu zaidi: simu moja nyumbani hushikwa na watu wengi. Kwa hiyo hatuandiki jina lako, ugonjwa wako wala chumba unachohudumiwa. Anayekuja kwa presha, anayekuja kwa uzazi wa mpango na anayekuja kuchukua dawa zake za kila mwezi wote wanapata maneno yale yale.

Sasa tumchukue mgonjwa wa Nansio, Ukerewe, ambaye tarehe yake ni hiyo Jumatano. Siku alipotoka kwa daktari, mapokezi waliandika kwenye kompyuta tarehe ya kurudi na namba yake ya simu. Jumapili saa 2 usiku kompyuta inachambua yenyewe watu wote wa Jumatano na kupanga orodha. Jumatatu saa 3 asubuhi meseji zinatoka. Hakuna mfanyakazi anayekaa kuzituma moja moja. Tumeweka siku mbili kwa ajili ya mtu kama huyu, kwa sababu kufika kliniki Mwanza mjini saa 3 asubuhi maana yake ni kuvuka ziwa jana yake na kutafuta pa kulala. Akikumbushwa Jumanne jioni, meseji haimsaidii.

Mgonjwa huyu akiamua hataki kukumbushwa tena, afanye hivi. Afungue meseji mpya, asijibu ile ya zamani. Sehemu ya mpokeaji aandike namba iliyo nyuma ya kadi ya kliniki. Kwenye maandishi aweke neno ACHA peke yake, herufi kubwa au ndogo haidhuru, kisha atume. Awe na salio la kawaida, maana bando la SMS huenda lisikubali kwenye namba fupi kama hii. Kupokea meseji zetu ni bure, kutuma hii moja si bure. Ndani ya dakika chache atapata jibu: "Umeondolewa kwenye meseji za kukumbusha." Asipolipata hilo, ajue hajaondolewa.

Mara nyingi jibu halirudi kwa sababu ya laini mbili. Kompyuta haijui jina lako, inajua namba tu. Kama mapokezi uliwapa namba ya laini ya kwanza, halafu simu ikatuma ACHA kupitia laini ya pili kwa kuwa ndiyo yenye vocha, kompyuta inatafuta hiyo ya pili, haiioni, inanyamaza. Kabla hujatuma, chagua laini ile ile inayopokea meseji zetu. Kosa la pili ni kuandika sentensi. "Naomba muache kunitumia" tunaielewa sisi, kompyuta haiielewi, kwani inasoma neno la kwanza tu na inalitaka liwe ACHA.

Kuna jambo moja naomba lieleweke vizuri: ACHA inasimamisha meseji, haifuti tarehe yako. Nafasi yako kwa daktari inabaki, faili lako litatolewa Jumatano asubuhi kama kawaida, na usipokuja unahesabiwa kuwa hukufika. Anayetaka kubadilisha siku apige simu mapokezi au afike dirishani na kadi. Kwa mgonjwa wa presha au kisukari hili si dogo, maana vidonge hupewa vya kufika tarehe ya kurudi. Kwa hiyo ukisimamisha meseji, iandike tarehe mahali utakapoiona, hasa kama dawa zako zinaisha siku hiyo hiyo.

Ukituma ACHA baada ya saa 2 usiku wakati orodha imeshapangwa, kesho yake unaweza kupata meseji moja ya mwisho. Si kwamba tumekupuuza, iliyopangwa haitoki tena kwenye foleni. Ikija ya pili baada ya hiyo, tuambie.

Wengine wanaona njia rahisi ni kulizuia jina letu kwenye simu. Hilo siwashauri. Meseji inafika kwenye simu na kufichwa, mtandao unatuletea taarifa kwamba imefika, na sisi tunaamini umesoma. Tena jina hilo hilo ndilo linalokujulisha majibu ya maabara yakiwa tayari, au kwamba daktari amesafiri na kliniki imesogezwa. ACHA haigusi meseji hizo, inaondoa za kukumbusha tu.

Namba moja ikiwa imeandikwa kwa watu wawili, tuseme mama na mtoto wa kliniki ya chanjo, ACHA inawaondoa wote wawili. Mama anayetaka kubaki na za mtoto asitume chochote, afike mapokezi na kadi zote mbili, karani ataondoa jina lake peke yake. Ni kazi ya dakika mbili.

Wavuvi wa dagaa wanaolala ziwani wana tatizo jingine kabisa. Simu ikiwa imezimwa au haishiki mtandao, meseji inasubiri kwa mtandao kwa muda fulani, ikipita muda huo inatupwa. Kwa mtu wa namna hii tunashauri mapokezi waandike namba ya mtu aliye nchi kavu, akiridhia mwenyewe.

Na kama unapata meseji zetu wakati hujawahi kutibiwa kwetu, huenda laini yako zamani ilikuwa ya mtu mwingine, au tarakimu moja ilikosewa. Tuma ACHA vile vile, kisha tupigie, kwa sababu kuna mgonjwa mahali fulani ambaye hakumbushwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka namba tuliyopewa itumike kwa kazi tuliyoiombea, na namba isiyo ya mgonjwa wetu hatuna haki ya kukaa nayo.

Meseji zetu hazidai pesa wala hazina kiungo cha kubonyeza. Ukipata inayosema "lipia miadi yako" kwa namba ya mtu, usilipe, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Aliyesimamisha akitaka kurudishiwa, atume ANZA kwenda namba ile ile ya nyuma ya kadi, kwa laini ile ile. Kama tarehe yake imebaki chini ya siku mbili, kumbusho la safari hiyo limeshampita, litaanza na tarehe inayofuata.