Dakika Mbili za Kumtambulisha Mtoa Mada

Wasifu wa mgeni huja na kurasa mbili au tatu. Umeandikwa kwa ajili ya kuombea kazi, na ndiyo maana ukisomwa mbele ya watu unachosha. Mwajiri anataka kujua mtu kasoma wapi na lini. Aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anataka kujua jambo moja tu: huyu ana nini cha kunifaa mimi leo?

Tuchukue mfano wa semina ya siku moja Micheweni, Pemba. Wamekaa wakulima wa mwani kama arobaini, wengi wao kina mama, na mada ni ugonjwa unaoua mwani. Siku imewekwa wakati wa maji mafu, maana siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, wakulima wako pwani na ukumbi utabaki na viti. Mtoa mada ni mtafiti wa bahari kutoka Unguja. Wasifu wake una shahada tatu, makala ishirini na kitu, ujumbe wa bodi mbili, mikutano ya nje, tuzo, na miaka tisa ya kufuatilia maradhi ya mwani.

Chukua kalamu, na kila sifa iulize "kwa hivyo?" kwa sauti ya mkulima. Ana shahada ya uzamivu. Kwa hivyo? Inaonesha kasoma, basi inatosha kuibeba kwenye cheo chake, bila kutaja chuo wala mwaka. Ni mjumbe wa bodi. Kwa hivyo? Hakuna jibu, kata. Amepanda mwani aina ya kotonii kwenye maji ya kina misimu minne, bega kwa bega na kikundi cha wakulima. Hapo mkulima hainui mabega, anainua kichwa. Kotonii ina bei kuliko mwani wa spinosumu, lakini haistahamili joto la maji ya kina kifupi, na kila aliyemo ukumbini ama imemfia au kamwona jirani imemfia. Sifa mbili za namna hiyo zinatosha. Ya tatu iruhusu kama ni fupi. Ya nne huanza kuzifuta zile za mwanzo, maana msikilizaji hajui tena ipi ya kuishika.

Mara nyingi sifa unayoitaka haimo kabisa kwenye wasifu, kwa sababu hakuna anayeandika kwamba amesimama majini na kufunga taitai, vile vikamba vya kushikiza mbegu ya mwani kwenye kamba. Kwa hivyo mpigie mgeni simu siku mbili tatu kabla. Muulize amefanya nini kwa mikono yake kuhusu mada hii, na wapi. Muulize anapenda aitweje: Dokta, Profesa, Bi, Mwalimu, Ustadhi? Jina lake alitamke mwenyewe, nawe ulirudie mpaka akubali, kisha uliandike kama linavyosikika. Mwisho muulize kipi asingependa kitajwe. Simu hiyo haifiki dakika kumi.

Baada ya hapo andika. Kwa mwendo usio na pupa, dakika mbili za Kiswahili hubeba maneno kama mia mbili, lakini wewe andika mia na kumi au mia na ishirini. Salamu ina majibu yake, mzaha mdogo una kicheko chake, na mgeni anahitaji muda wa kutoka alipokaa. Mfano wetu unaweza kuwa hivi:

"Assalamu alaykum, kina mama na kina baba. Kaskazi iliyopita wengi wetu tulivuta kamba tukakuta mwani umegeuka mweupe, ukiugusa unakatika, na mbegu hatuna. Ndiyo sababu tumemwita mgeni wetu. Yeye ni daktari wa elimu ya bahari, si wa hospitali, kwa hivyo ya presha tuwaachie wa kituo cha afya. Miaka tisa sasa anayafuatilia maradhi haya, katika maji yetu ya Pemba na ya mashariki ya Unguja. Misimu minne amepanda kotonii kwenye maji ya kina pamoja na wakulima wenzetu, akaona mbegu ipi ilibaki na ipi ilioza. Leo atatuonesha mambo mawili: namna ya kuutambua ugonjwa kabla haujaenea kamba nzima, na wakati wa kuhamisha mbegu. Atazungumza dakika arobaini, kisha maswali ni yenu. Tumkaribishe Dokta Fulani binti Fulani."

Maneno yanaanza na tatizo la waliokaa, siyo na mgeni. Ukianza na mgeni, watu wanasubiri umalize. Ukianza na mwani mweupe, wanasubiri aanze yeye. Jina kamili liko mwisho kabisa, kwa sababu makofi hufuata neno la mwisho, na ukitaja jina katikati watu watapiga makofi hapo kisha wewe uendelee kuongea juu yake. Yale maneno ya daktari wa hospitali si mapambo. Ukisema "Dokta" tu shambani, kipindi cha maswali kitajaa magoti na sukari.

Mtu huyu huyu, wiki inayofuata, akizungumza na maofisa wa uvuvi mjini Unguja, utambulisho unageuka. Maofisa hawahitaji kuambiwa mwani mweupe ni nini. Wanahitaji kujua vipimo vyake vimekusanywa miaka mingapi, katika vituo vingapi, na kama vimechapishwa, maana wao wataviandikia ripoti. Hapo makala zinaingia, kwa sentensi moja, na kuvuta kamba kunatoka. Kadi ya Micheweni haisomwi mjini.

Dakika huliwa na itifaki kuliko kitu kingine. Kumtaja Mkuu wa Wilaya, Sheha na wafadhili ni kazi ya mshereheshaji, nayo imeshafanywa wakati wa kufungua. Wewe ukirudia, umeshakula nusu ya muda wako na utamsahau mmoja, akanuna. Sema "itifaki imezingatiwa" kama huna budi, uendelee. Mgeni akisisitiza wasifu wake wote usomwe, usibishane naye. Mwambie utachapishwa nyuma ya ratiba, na uchapishe kweli.

Kosa jingine ni kuiba mada. Ukieleza mwenyewe kwamba joto la kaskazi ndilo linaloudhoofisha mwani, umemwachia mgeni kurudia. Taja swali, jibu mwachie. Na sifa za kupindukia, "mtaalamu asiye na mfano", zinamuumiza yeye: wakulima waliokaa na mwani tangu kilimo hiki kilipoanza Unguja mwaka 1989 watamsikiliza wakitafuta kosa.

Soma kadi kwa sauti mara tatu na simu ikihesabu sekunde. Siku yenyewe, ukishataja jina usiondoke. Baki ulipo mpaka mgeni afike, mpe maikrofoni ikiwa imewashwa, kisha utokee upande mwingine msigongane.

Na boti au ndege ikimchelewesha, akaja mwenzake badala yake, usiitupe kadi. Mwanzo ni wa wakulima na mwisho ni wa mada, hivyo vinabaki. Mvute pembeni huyo mbadala, muulize amefanya nini kwa mikono yake kuhusu mwani, na ubadilishe zile sentensi za katikati pamoja na jina.