Slipeji yako ina saa zake: ipime kila oda inapojazwa

Ukibonyeza kununua ukiwa umeona bei moja, halafu oda ikajazwa kwa bei nyingine, tofauti hiyo ndiyo slipeji. Matreda wengi tunaokutana hapa Kampala wanaijua kwa kuihisi: "leo broka amenila", "jana ilikuwa safi". Mimi naiandika kwenye daftari la kompyuta kila oda inapojazwa, kisha naipanga kwa saa. Nitaeleza ninavyofanya kwa EURUSD, yaani euro dhidi ya dola, kwenye programu ya MT5, kwa sababu jozi hiyo ndiyo ninayoijua vizuri.

Kwanza, bei ya uamuzi. Hii ni bei iliyokuwepo sokoni wakati ule ulipojiambia "naingia". Programu haitakuhifadhia. Historia ya MT5 itakuonyesha bei uliyojazwa na muda wake, lakini haijui ni lini uliamua wala ulikuwa unaona bei gani. Lazima uiandike mwenyewe, au uwe na skripti inayoinasa. Na uandike zote mbili, bid ambayo ni bei ya kuuzia na ask ambayo ni bei ya kununulia. Chati ya MT5 kwa kawaida huchorwa kwa bid, huku mnunuzi akijazwa kwa ask. Anayenunua akichukua bei ya chati kuwa bei ya uamuzi, ataihesabu spredi yote, ile tofauti ya bid na ask, kama slipeji, na lawama zitamwendea asiyehusika.

Tuchukue oda moja tuifuate. Umeamua kununua loti 0.20. Wakati huo bid ni 1.08410 na ask ni 1.08420. Unajaza ukubwa, unaweka stopi, unabonyeza. Unapobonyeza ask imeshafika 1.08424. Oda inajazwa kwa 1.08431. Kwa anayenunua, slipeji ni bei ya kujazwa toa bei ya uamuzi: 1.08431 toa 1.08420, yaani pipsi 1.1, pipsi moja ikiwa 0.0001. Kwa anayeuza unageuza: bei ya uamuzi toa bei ya kujazwa. Hivyo namba chanya siku zote ni gharama, na namba hasi ni bei bora kuliko uliyotarajia. Kwa loti 0.20 ya EURUSD pipsi moja ni dola 2, kwa hiyo oda hii imekugharimu dola 2.20 kabla soko halijasema lolote.

Zile pipsi 1.1 zina vipande viwili. Pipsi 0.4 zilipotea kati ya kuamua na kubonyeza: huo ni mkono wako, na dawa yake ni kuandaa ukubwa na stopi mapema. Pipsi 0.7 zilipotea kati ya kubonyeza na kujazwa: huo ni mtandao, broka na soko lenyewe. Kwenye MT5 fungua kichupo cha `Journal`. Kila oda ya soko huacha mstari unaomalizika kwa maneno kama `done in 182.410 ms`. Ninakili hiyo namba pia. Slipeji kubwa ikija pamoja na milisekunde nyingi, anza kukagua laini yako ya intaneti. Ikija na muda uleule wa kawaida, bei ndiyo iliyokimbia.

Daftari langu lina safu hizi: A muda wa Kampala, B aina ya oda, C upande (N kununua, U kuuza), D loti, E bei ya uamuzi, F bei wakati wa kubonyeza, G bei ya kujazwa, H slipeji, I tofauti ya saa na New York, J saa ya New York. Bid na ask za wakati wa uamuzi ziko kwenye K na L. Fomula zenyewe ni fupi:

```
H2: =IF(C2="N",G2-E2,E2-G2)/0.0001
J2: =HOUR(A2-I2/24)
wastani:     =AVERAGEIFS(H:H,J:J,8,B:B,"soko")
namba ya kati: =MEDIAN(FILTER(H:H,(J:J=8)*(B:B="soko")))
```

Kwa jozi za yeni, 0.0001 inakuwa 0.01.

Kwa nini saa ya New York wakati tunaishi Kampala? Hapa ndipo majedwali mengi niliyoonyeshwa yanaharibika. Uganda haibadilishi saa, lakini Marekani na Uingereza hubadilisha. Takwimu kubwa za Marekani, kama za ajira na za mfumuko wa bei, hutoka saa 8:30 asubuhi ya New York. Mwezi wa Julai hiyo ni 15:30 kwetu, saa tisa na nusu alasiri. Januari ni 16:30, saa kumi na nusu. Sasa fikiria mtu amekusanya oda za mwaka mzima na kuzipanga kwa saa ya Kampala. Tuseme slipeji ya saa yenye takwimu ni pipsi 1.4, na ya saa zinazopakana nayo ni 0.2. Kwenye fungu la 15:00 atakuwa na oda za kiangazi chao zenye 1.4 na za baridi yao zenye 0.2, kwenye fungu la 16:00 itakuwa kinyume. Kama oda zinalingana idadi, mafungu yote mawili yatasoma 0.8. Jedwali litamwambia kwamba ana saa mbili za wastani, wakati ukweli ni kwamba ana saa moja mbaya sana na nyingine nzuri kabisa, zinazobadilishana nafasi mara mbili kwa mwaka.

Ndiyo maana ya safu I. Kampala iko mbele ya New York kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa saa 8 miezi iliyobaki. Uangalie pia saa ya seva ya broka. Broka wengi huipanga ili mshumaa wa siku ufungwe saa 17:00 ya New York, kwa hiyo saa ya seva inalingana na ya Kampala kiangazi chao, halafu Novemba inabaki nyuma yetu kwa saa moja. Ukinakili muda kutoka kwenye programu bila kulikumbuka hilo, karibu theluthi ya daftari itakuwa imehama saa moja.

Saa hiyo ya 17:00 ya New York ina mtego wake. Kwetu ni saa sita usiku, au saa saba usiku wakati wa baridi yao. Siku ya soko inafungwa, benki zinapunguza idadi ya bei zinazotoa, na spredi inatanuka. Tuseme bid ni 1.08400 na ask ni 1.08460. Unanunua, unajazwa kwa 1.08461. Kwa hesabu ya safu H slipeji yako ni pipsi 0.1 tu, na jedwali litaisifu saa sita usiku kuwa nzuri kuliko zote. Lakini katikati ya bid na ask ni 1.08430. Ukipima kutoka hapo, umelipa pipsi 3.1. Kwa hiyo naweka safu nyingine, M, inayopima kutoka katikati, na naisoma kila ninapolinganisha saa kwa saa. Safu H inaniambia kama oda inajazwa kwa uaminifu. Safu M inaniambia kuingia saa hiyo kunagharimu kiasi gani. Ni maswali mawili tofauti.

Aina za oda usizichanganye hata kidogo. Kwa stopi, bei ya uamuzi ni ile uliyoiweka. Stopi ya kuuza ya 1.08200 ikijazwa kwa 1.08173 imeteleza pipsi 2.7, na hilo ni la kawaida, kwa sababu stopi huamka pale bei inapokimbia dhidi yako. Limiti haiwezi kujazwa vibaya kuliko bei yake, kwa hiyo siku zote itaonekana safi. Gharama yake imejificha kwenye zile ambazo hazikujazwa kabisa. Kwa hizo naandika bei ilikuwa wapi nusu saa baadaye. Ukizitia zote kwenye fungu moja, halafu ikawa unatumia stopi zaidi saa za takwimu, utakuwa unalinganisha aina za oda ukidhani unalinganisha saa.

Kuhusu kusoma jedwali lenyewe, weka wastani na namba ya kati bega kwa bega, pamoja na idadi. Oda tano za saa moja zikiwa 0.1, 0.2, 0.1, 0.3 na 4.8, namba ya kati ni 0.2 na wastani ni 1.1. Ya kwanza inaonyesha siku ya kawaida. Ya pili ndiyo inayotoka kwenye akaunti. Zikiachana hivyo, rudi utazame ile moja ya 4.8 ilitokea dakika gani. Mara nyingi utaikuta imesogeleana na 8:30 ya New York, na hapo inafaa kuligawa fungu hilo kwa nusu saa. Fungu lenye oda chache usilitolee hukumu. Liunganishe na jirani yake hadi lijae.

Kijana mmoja wa Wandegeya aliniletea simu yake akasema, "Kaka, huyu broka ananiibia." Nilimwomba atoe oda za soko peke yake, nje ya saa za takwimu na nje ya kufunga siku, kisha ahesabu ngapi ni chanya na ngapi ni hasi. Bei ya EURUSD inapanda na kushuka ndani ya ule muda mfupi oda inaposafiri, kwa hiyo baadhi ya oda lazima zijazwe kwa bei bora. Zake zilikuwa na pande zote mbili, karibu sawa. Slipeji yake ilikuwa imelundikana kwenye stopi za dakika za takwimu.

Kama zingekuwa chanya mfululizo bila hata hasi moja, ningemuuliza swali jingine kabla ya kumtaja broka: je, unaingia bei ikiwa tayari inakimbia upande wako? Anayefukuza mshumaa atajazwa vibaya hata kwa broka mwema. Jaribio ni kutenga oda ulizoingia soko likiwa limetulia. Zikiendelea kuteleza upande mmoja, peleka daftari kwa broka likiwa na namba za oda na milisekunde zake, umwombe aeleze moja baada ya nyingine.

Mimi baada ya kulisoma jedwali langu niliacha oda za soko katika saa inayozunguka kufungwa kwa siku; nikitaka kuingia usiku huo naweka limiti. Stopi ninazokuwa nazo wakati wa takwimu naziacha, ila napunguza loti kabla ya 8:30, nikikadiria kwamba itateleza kama ilivyoteleza kwenye safu H. Na Machi inapofika natenga wiki zile ambazo New York imeshabadili saa na London bado, maana London hungoja hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi. Wiki hizo asubuhi ya London na asubuhi ya New York zinakaribiana kuliko kawaida, kwa hiyo sizichanganyi na fungu lolote.