Kamera za fremu yangu Nkuhungu: nichukue za kadi ya memori au seti ya DVR?

*Kaka fundi, habari za kazi. Nina fremu ya vifaa vya simu hapa Nkuhungu, Dodoma. Kutoka mlangoni hadi kaunta ni kama mita tano. Jirani yangu ameibiwa usiku, na kamera yake ilionyesha kivuli tu. Fundi mmoja ananishauri kamera za wai-fai zenye kadi ya memori, mwingine seti ya kamera nne na DVR. Nifuate yupi?*

Nzuri dada, na pole kwa jirani. Chukua seti ya DVR, yaani kamera zote zinarekodi kwenye kisanduku kimoja chenye diski, ila usiichukue kama ilivyo kwenye boksi, maana kile kivuli cha jirani yako hata seti ya DVR inakitoa vizuri kabisa ikifungwa ovyo.

Kwenye boksi utakuta imeandikwa usiku inaona mita 20 au 30. Hapo wanakuambia mwanga wake wa infraredi unafika wapi. Kwamba kuna mtu, utajua. Kwamba ni nani, hiyo ni habari ya lenzi, na lenzi ndiyo watu wengi hawaiulizi. Kamera nyingi za seti huja na lenzi ya 2.8 mm, ambayo inaona eneo pana sana. Ukiifunga juu ya kaunta ikatazama mlango wako wa mita tano, kwa kamera ya 1080p uso wa mtu aliyesimama mlangoni utapata kama pikseli 22 za upana. Mimi nataka angalau 40, na usiku nataka zaidi kwa sababu picha inakuwa na chengachenga na mtu anayetembea haraka anaacha ukungu. Lenzi ya 3.6 mm itakupa kama 30. Ya 6 mm itakupa karibu 60, na hapo hata aliyemfahamu kwa kupita tu atamtaja jina. Kwa hiyo mwambie fundi akubadilishie kamera moja iwe ya 6 mm, itazame mlango peke yake. Asiipandishe hadi silingi bodi. Iwe kwenye mita 2.2 hivi, la sivyo utarekodi kofia. Zilizobaki ziwe za 2.8 mm, kwa ajili ya kaunta, stoo na nje.

Halafu usizime taa zote. Acha balbu moja ya LED ya wati 5 karibu na mlango. Kwa saa 12 haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme, na uso utaonekana vizuri kuliko kutegemea infraredi peke yake. Kamera ya nje isigusane na ukuta mweupe wala kutazama kupitia kioo, maana mwanga wake utarudi kwenye lenzi na picha nzima itakuwa kama maziwa. Miezi hii ya upepo wa Dodoma, vumbi linafanya hivyo hivyo. Kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya wiki mbili kinatosha, na buibui umtoe hapo hapo, kwa sababu wadudu wanafuata ule mwanga na yeye anafuata wadudu.

Sasa kuhifadhi. Kosa la kadi ya memori ni kwamba ushahidi unakaa ndani ya kamera yenyewe, mahali ambapo mwizi anauona. Akiing'oa kamera ameondoka na picha zake. DVR unaificha: stoo, ndani ya kabati lenye tundu la hewa, hata juu ya dari kama hakuna joto kali. Ukipenda, weka kamera moja ya kadi iwe shahidi wa pili, lakini isiwe tegemeo.

Hesabu ya diski ni rahisi. Kamera inayorekodi kwa 1 Mbps mfululizo inakula karibu GB 10.8 kwa siku. Picha safi ya 1080p niipe 2 Mbps, kwa hiyo kamera nne zitakula kama GB 86 kwa siku. Diski ya TB 1 inajaa baada ya siku 11 hivi, kisha DVR inaanza kufuta za zamani. Kwa duka lako nachukua TB 2, maana upungufu wa mali mara nyingi unagundulika siku ya kuhesabu stoku. Iwe diski ya kazi ya kamera, WD Purple au SkyHawk. Ile iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani inaweza kufa kimya kimya. Nimewahi kukuta DVR ambayo ilikuwa inapiga kelele kwa sababu diski imekufa, na aliyeifunga akazima kelele badala ya kubadilisha diski.

Kuna mtego mwingine hapo. Fungua mipangilio ya kurekodi uangalie kilichoandikwa. Ukikuta `1080N`, jua hiyo ni 960×1080, yaani nusu ya upana wa picha. Zile pikseli 60 za uso zimebaki 30, na lenzi uliyoilipia imepotea bure. Unataka `1080P`, yaani 1920×1080. Kuna DVR za bei ya chini ambazo haziwezi kuipa kamera zote nne, kwa hiyo uliza kabla hujatoa hela.

Kuhusu fundi, mimi nampima kwa usiku mmoja. Mpe hela ya vifaa na sehemu ya ufundi, nyingine utammalizia baada ya giza la kwanza. Saa mbili usiku funga grili, mwambie mtu wa nyumbani aingie mlangoni akiwa na kofia, atembee haraka. Usitazame picha ya moja kwa moja. Rudisha nyuma iliyorekodiwa, isimamishe, umwonyeshe mtu asiyejua ni nani aliyeingia. Asipomtaja, kazi haijaisha.

Usiku huo huo apime volti upande wa kamera iliyo mbali zaidi. Niliwahi kuitwa kwa duka moja Majengo, kamera ya nyuma inaonyesha mchana, ikifika saa moja usiku inapotea. Adapta ilikuwa inatoa volti 12, kwenye kamera zilifika 9 na kitu. Taa za infraredi zikiwaka kamera inavuta umeme zaidi, na waya ulikuwa mwembamba wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua waya kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, ukatae.

Muulize pia adapta ikiungua anayo ya akiba hapa Dodoma, au utasubiri basi kutoka Kariakoo. Paswedi ya `admin` uibadilishe wewe, na programu ya simu isajiliwe kwa namba yako. Nimeona maduka yanayotazamwa na fundi aliyeondoka zamani, na mwenye duka hawezi kuingia.

Umeme ukikatika, seti ya kamera nne inakula kama wati 26 usiku. Betri mpya ya volti 12 yenye 7 Ah itaibeba angalau saa moja na nusu, kwa hiyo iwepo.

Mwisho angalia saa ya DVR. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa `GMT+08:00`, na sisi ni `GMT+03:00`. Wizi wa saa nane usiku utaandikwa 07:00, yaani saa moja asubuhi, na polisi watakuuliza mbona hapo duka lilikuwa linafunguliwa.